Logi hatua kwa hatua: kukitafuta kipeo na kuzipima namba kubwa

Kila ninapoanza mada ya logi na kidato cha pili, swali la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, hii log ni nini hasa?" La pili linakuja kesho yake: "Mbona tunajumlisha wakati swali limesema zidisha?" La tatu husubiri hadi wiki ya mtihani, nalo ni la kikokotoo kinachotoa jibu lisiloeleweka. Nimeyajibu ubaoni mara nyingi, sasa nayaweka hapa ili uyafanye mwenyewe na daftari lako mbele yako.

Tutaishika hesabu moja tangu mwanzo. Sensa ya 2012 ilihesabu Tanzania watu 44,928,923. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 61,741,120. Tunataka kujua watu wanaongezeka kwa kasi gani kila mwaka, na kwa kasi hiyo watakuwa mara mbili baada ya miaka mingapi. Bila logi, swali hili utalipapasa kwa kubahatisha. Ukiwa na logi ni kutoa na kugawanya tu.

Unachohitaji

- Daftari, kalamu na rula. Rula si ya kuchora. Ni ya kuweka chini ya mstari unaosoma kwenye jedwali, jicho lisirukie mstari wa jirani.
- Kitabu cha jedwali za hisabati za tarakimu nne, chenye jedwali la logi na la kinyume cha logi. Kikokotoo chenye kitufe `log` kitafaa pia, lakini kama unasoma Tanzania zoea jedwali, kwa kuwa mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne kwa miaka mingi umefanywa bila kikokotoo.
- Kanuni moja ya vipeo iwe kichwani: 10² × 10³ = 10⁵. Ukizidisha namba zenye kitako kimoja, vipeo vinajumlishwa. Kitako ni ile namba ya chini, hapa ni 10. Kama hili bado linakutatiza, rudi kwenye vipeo kwanza, maana logi yote imesimama hapo.

Hatua

1. Elewa logi inatengua nini

Kujumlisha kunatenguliwa na kutoa. Kuzidisha kunatenguliwa na kugawanya. Kila kimoja kina kitenguzi kimoja, kwa sababu 3 + 5 na 5 + 3 ni sawa, hivyo haijalishi namba ipi imefichwa.

Kipeo si hivyo. 2⁵ ni 32, lakini 5² ni 25. Namba ya chini na namba ya juu zina kazi tofauti, na kila moja ikifichwa inahitaji njia yake ya kuitafuta. Ikifichwa ya chini, yaani "namba gani ukiipandisha kwa kipeo cha 5 unapata 32?", unatumia kipeuo. Ikifichwa ya juu, yaani "2 ipandishwe kwa kipeo gani ili iwe 32?", hapo ndipo logi inapoingia. Logi ni jina la kile kipeo kilichofichwa. Jibu ni 5, na tunaandika:

log₂ 32 = 5

Isome hivi kwa sauti: "kipeo cha kuipandisha 2 ili iwe 32 ni 5." Ukiona neno log mahali popote, weka maneno "kipeo cha kuipandisha" na sentensi itaeleweka.

2. Zoeza mdomo kugeuza sentensi

Kabla hujagusa jedwali, geuza hizi bila kuandika chochote:

10³ = 1,000, kwa hiyo log 1,000 = 3.
10⁶ = 1,000,000, kwa hiyo log 1,000,000 = 6.
10⁰ = 1, kwa hiyo log 1 = 0.
10⁻² = 0.01, kwa hiyo log 0.01 = −2.

Kitako kisipoandikwa, ni 10. Sasa jiulize: log 500 ni ngapi? 500 iko kati ya 100 na 1,000, kwa hiyo logi yake ipo kati ya 2 na 3. Kadirio hili lifanye kila mara kabla ya kufungua jedwali. Ni mlinzi wako. Mwanafunzi akiniletea log 500 = 0.6990, najua hakukadiria.

Angalia pia kilichotokea kwa ukubwa wa namba. Kutoka elfu moja hadi milioni moja ni mbali sana, lakini logi zake ni 3 na 6 tu.

3. Soma logi kwenye jedwali

Chukua 61,741,120. Jedwali la tarakimu nne halibebi tarakimu nane, kwa hiyo kadiria: 61,740,000. Iandike kama namba kati ya 1 na 10, mara kipeo cha kumi:

6.174 × 10⁷

Kile kipeo 7 ndicho sehemu nzima ya logi. Huitafuti kwenye jedwali, umeshaipata. Jedwali linakupa sehemu ya desimali peke yake. Weka rula chini ya mstari wa 61. Nenda hadi safu ya 7, utakuta 7903. Endelea kwenye mstari huohuo hadi safu za tofauti zilizo mkono wa kulia, chini ya 4, utakuta 3. Jumlisha: 7906.

log 61,740,000 = 7.7906

Fanya vivyo hivyo kwa 44,928,923. Kadiria iwe 4.493 × 10⁷. Mstari wa 44, safu ya 9 ni 6522. Tofauti chini ya 3 ni 3. Kwa hiyo:

log 44,930,000 = 7.6525

*Angalizo.* Kosa ninaloliona zaidi hapa ni kusahau sehemu nzima na kuandika 0.7906. Jedwali halijui kama namba yako ni 6.174 au milioni 61; zote zinasomwa mstari mmoja. Anayejua ni wewe.

*Angalizo la pili, kwa namba chini ya 1.* 0.032 ni 3.2 × 10⁻². Sehemu nzima ni −2, na jedwali linatoa 5051. Tunaandika 2̄.5051, mstari ukiwa juu ya 2 pekee. Maana yake ni −2 + 0.5051, ambayo ni −1.4949. Si −2.5051. Mstari ule unaigusa 2 tu, sehemu ya desimali inabaki chanya. Kikokotoo kitakuonyesha −1.4949 moja kwa moja, ndiyo maana wenye kikokotoo na wenye jedwali hubishana darasani ilhali wote wamepata.

4. Geuza kuzidisha kuwa kupanda ngazi

Kama watu wanaongezeka kwa asilimia ileile kila mwaka, maana yake idadi inazidishwa kwa namba ileile kila mwaka. Tuiite r. Miaka kumi ni kuzidisha mara kumi:

44.93 × r¹⁰ = 61.74 (kwa milioni)

Chukua logi pande zote. Kuzidisha kunakuwa kujumlisha, na kipeo 10 kinashuka mbele kuwa namba ya kuzidisha, kwa sababu r¹⁰ ni r mara r mara r hadi kumi, na kila r inaleta logi yake:

log 44.93 + 10 × log r = log 61.74

Tumia zile logi za watu wote kamili, maana tofauti ni ileile:

10 × log r = 7.7906 − 7.6525 = 0.1381

log r = 0.0138

Simama hapa kidogo, usikimbilie jibu. Idadi yenyewe haikupanda kwa hatua sawa. Mwaka wa kwanza inaongezeka kwa karibu milioni moja na nusu, mwaka wa kumi kwa karibu milioni mbili, kwa sababu wanaozaa nao wameongezeka. Lakini *logi* ya idadi imepanda kwa 0.0138 kila mwaka, mwaka wa kwanza sawa na wa kumi, kama mtu anayepanda ngazi zenye vidato vya kimo kimoja. Mlima unaozidi kuwa mkali, logi imeugeuza kuwa ngazi. Ukilishika hili, kilichobaki ni kuhesabu vidato.

Ili kuijua r yenyewe, fungua jedwali la kinyume cha logi: mstari wa .01, safu ya 3, tofauti chini ya 8. Utapata 1032. Sehemu nzima ya logi ni 0, kwa hiyo r = 1.032. Kila watu 1,000 wa mwaka huu wanakuwa 1,032 mwakani. Hiyo ni asilimia 3.2, na ndiyo kasi iliyotangazwa baada ya sensa ya 2022. Umeifikia kwa rula na kalamu.

5. Tafuta kipeo kilichofichwa

Sasa swali lenyewe: miaka mingapi hadi watu wawe mara mbili?

1.032ⁿ = 2

n iko juu, imejificha kwenye kipeo. Chukua logi pande zote ili ishuke:

n × log 1.032 = log 2

n = log 2 ÷ log 1.032

log 2 ni 0.3010. Kidato kimoja cha ngazi ni 0.0138. Kwa hiyo unauliza: kimo cha 0.3010 kina vidato vingapi vya 0.0138?

n = 0.3010 ÷ 0.0138 = 21.8

Kama miaka 22. Ukianza na 1.032 kwenye kikokotoo utapata 0.0137 na jibu la 22.0. Ukisoma 1.032 kwenye jedwali, mstari wa 10 kwa safu za tofauti, huenda ukapata 0.0136 na jibu la 22.1. Usibabaike. Logi ya namba iliyo karibu sana na 1 ni ndogo mno, na jedwali la tarakimu nne linabakiwa na tarakimu tatu tu za maana, kwa hiyo ya mwisho inayumba. Andika "kama miaka 22", kuandika 21.812 ni kudai usahihi ambao jedwali halina.

Swali jingine la aina hiyohiyo: watu watafika milioni 100 lini? Logi ya milioni 100 ni 8 kamili. Kutoka 7.7906 hadi 8 ni 0.2094. Gawanya kwa 0.0138, upate 15.2. Kutoka 2022 ni mwaka 2037.

*Angalizo.* Logi inajibu swali la "kasi ikibaki hii". Kasi haibaki. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 ilikuwa asilimia 2.7, na kwa kasi hiyo kuongezeka maradufu kungechukua kama miaka 26. Kwenye jibu lako andika sharti hilo kwa maneno.

6. Hakiki kwa kurudi nyuma

Weka 22 mahali pa n: 22 × 0.0137 = 0.3014. Kinyume cha logi cha 0.3014 ni 2.002. Karibu kabisa na 2, tumefika. Uhakiki huu ni wa mstari mmoja, na mwanafunzi anayeufanya hukamata makosa yake kabla yangu.

7. Pima namba isiyoingia kwenye daftari

Kuna kisa cha kale cha ubao wa sataranji: punje moja ya nafaka kwenye kijumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, kila kijumba mara mbili ya kilichotangulia, hadi cha 64. Tuseme ni punje za mchele. Kijumba cha mwisho kina 2⁶³. Kuzidisha kwa mkono ni jioni nzima. Kwa logi:

63 × 0.3010 = 18.963

Sehemu nzima 18 inakuambia namba ina tarakimu 19 (ongeza moja daima, kama vile 1,000 yenye logi 3 ina tarakimu nne). Kinyume cha logi cha .963 ni 9.183. Kwa hiyo punje ni takriban 9.18 × 10¹⁸.

Thamani kamili ni 9,223,372,036,854,775,808, yaani 9.22 × 10¹⁸. Tumekosea kidogo kwa sababu log 2 kwa ukamilifu zaidi ni 0.30103, na lile kosa dogo tumelizidisha mara 63. Kumbuka hilo: ukizidisha logi kwa namba kubwa, unazidisha na kosa lake.

Bado 10¹⁸ haisemi kitu kwa mtu. Tuipunguze mpaka ieleweke, na kila kugawanya kutakuwa kutoa. Tuchukulie kilo moja ya mchele ina punje 50,000. Logi yake ni 4.699. Tani ina kilo 1,000. Logi yake ni 3.

18.963 − 4.699 − 3 = 11.264 (tani)

Dunia nzima huvuna takriban tani milioni 500 za mchele uliokobolewa kwa mwaka. Logi yake ni 8.699.

11.264 − 8.699 = 2.565

Kinyume cha logi cha 2.565 ni karibu 367. Kijumba kimoja cha ubao kinataka mavuno ya dunia nzima ya miaka zaidi ya 360, nasi tumefika hapo kwa kutoa mara tatu. Kazi hii ndiyo iliyozaa logi. John Napier wa Uskoti alizitangaza mwaka 1614, wakati wanaastronomia walikuwa wakipoteza siku nzima kwenye kuzidisha namba ndefu, na Henry Briggs wa Uingereza akatengeneza zile za kitako cha 10 tunazozitumia leo.

Jibu likikataa

Kwa swali la miaka 22, kila jibu lisilo sahihi lina asili yake. Linganisha na lako.

*Umepata karibu −0.2.* Umeweka 0.032 badala ya 1.032. Umehesabu nyongeza peke yake ukawasahau watu waliokuwepo. Miaka hasi kwenye swali la kusubiri ni ishara tosha.

*Umepata 2.5.* Umeandika 1.32. Hiyo ni asilimia 32, si 3.2.

*Umepata 0.287.* Umegawanya 2 kwa 1.032 kwanza, kisha ukachukua logi. Hili ndilo kosa linaloumiza wengi, kwa sababu linafanana na kanuni ya kweli. Log ya (2 ÷ 1.032) ni log 2 *kutoa* log 1.032. Sisi tunataka logi mbili zilizokwisha kupatikana, moja *igawanywe* kwa nyingine. Pata 0.3010 na 0.0137 kando, ziandike, ndipo ugawanye.

*Kikokotoo kimetoa 2.16.* Hukufunga mabano. Vikokotoo vingi vinafungua mabano vyenyewe ukibonyeza `log`, visiposikia yakifungwa vinameza kila kinachofuata. Bonyeza hivi:

```
log(2) ÷ log(1.032) =
```

*Umepata 9.6.* Juu umetumia `log`, chini umetumia `ln`. Hivyo ni vitako viwili tofauti. Kimoja chochote kinafaa, mradi kitumike juu na chini: `ln(2) ÷ ln(1.032)` nayo inatoa 22.0.

*Kioo kinaonyesha `Math ERROR`.* Umeomba logi ya sifuri au ya namba hasi. Hakuna kipeo cha kuipandisha 10 ili iwe sifuri au hasi, kwa hiyo tatizo liko kwenye mlinganyo wako, si kwenye mashine. Rudi hatua ya 4.

*Umeandika log (a + b) = log a + log b.* Jaribu na 10 na 10. Log 20 ni 1.3010, lakini log 10 + log 10 ni 2, ambayo ni logi ya 100. Kujumlisha logi ni kuzidisha namba. Jumla ndani ya mabano haina njia ya mkato. Jumlisha kwanza, ndipo utafute logi.

Fanya na hili

Kenya ilihesabiwa watu 38,610,097 mwaka 2009 na 47,564,296 mwaka 2019. Tafuta kidato cha ngazi, kasi ya mwaka, na miaka ya kuongezeka maradufu. Tofauti ya logi ikitoka 0.0906 au jirani yake, kasi ikawa asilimia 2.1 na miaka ikawa kama 33, uko sawa.